Sera ya Kuripoti Mianya ya Usalama, na Utaratibu wa Kupokea Ripoti

Inaanza kutumika tarehe 1 Machi 2026.

Sisi ni kampuni ya watu 9, Mwanza. Tunatengeneza mfumo ambao SACCOS 41 wanautumia kutunza hisa, akiba na mikopo ya wanachama wao. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa chuo aligundua kwamba akibadilisha namba moja mwishoni mwa anuani ya taarifa yake ya akiba, anaona ya mtu mwingine. Alituandikia kupitia namba ya WhatsApp ya huduma kwa wateja. Ujumbe wake ulikaa siku 23, kisha akajibiwa afike ofisini na kitambulisho. Hakufika, na tunamwelewa. Alikuwa ametutendea wema, tukamfanya ajione mshukiwa. Sera hii imeandikwa ili jambo hilo lisijirudie.

Ruhusa tunayokupa

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na isivyo halali. Ukipima mifumo yetu iliyotajwa hapa chini kwa nia njema na kwa kufuata sera hii, umepima kwa ruhusa yetu. Hatutakushtaki, hatutakupeleka polisi, wala hatutamwandikia mwajiri au chuo chako. Mtu mwingine akikulalamikia kwa kazi uliyoifanya ndani ya sera hii, tutathibitisha kwa maandishi kwamba tulikuruhusu. SACCOS wanaotumia mfumo wetu wamelikubali hili kwenye mikataba, kwa kuwa taarifa za wanachama ni zao kabla hazijawa kazi yetu.

Tuseme ukweli pia kuhusu mpaka wa ahadi hii: tunaruhusu kilicho chetu tu. Hatuwezi kukuruhusu kwenye mitambo ya kampuni za simu, benki, watoa huduma ya SMS, au kompyuta zilizo ndani ya ofisi za SACCOS. Ukiona mwanya unaogusa upande wao, ishia hapo ulipofika, utuambie. Tutawafikishia bila kutaja jina lako, isipokuwa ukitaka litajwe.

Ukikosea hatua kidogo bila kukusudia, tuambie mapema. Kosa linaloelezwa na aliyelifanya hatulihesabu kuwa uvamizi.

Unachoweza kupima

Programu yetu ya Android, `app.daftarilaakiba.co.tz`, `api.daftarilaakiba.co.tz`, na hasa `jaribio.daftarilaakiba.co.tz`. Hiyo ya mwisho ni SACCOS ya kubuni yenye wanachama 30 wasiokuwepo na fedha zisizokuwepo. Omba akaunti mbili, tutakupa bila kukuuliza wewe ni nani. Mbili ni muhimu: ndizo zitakazokuwezesha kuonyesha kwamba mmoja anaweza kuingilia ya mwenzake, bila kugusa akiba ya mama lishe yeyote.

Kwenye mfumo halisi, rekodi moja inatosha kuwa ushahidi. Ukiona jina, namba ya simu au salio la mwanachama, simama. Usiendelee kuhesabu wangapi wengine wanaonekana. Kazi hiyo tutaifanya wenyewe kwenye kumbukumbu za seva. Usihamishe fedha, hata shilingi 100 ya kujaribu. Usibadilishe wala kufuta kitu cha mtu mwingine. Usiufurikishe mfumo kwa maombi hadi uelemewe, usiwalaghai wafanyakazi wetu au wa SACCOS ili wakupe nywila, na usiguse laini ya simu ya mtu. Ulichopakua kitunze pasipofikiwa na wengine, kisha ukifute tukishathibitisha tumepokea ripoti.

Namna ya kutufikia

Andika kwa `usalama@daftarilaakiba.co.tz`, kwa Kiswahili au Kiingereza. Jina la kubuni linakubalika. Hatuhitaji kitambulisho, wala hatutakusainisha hati ya kutunza siri kabla ya kukusikiliza. Tueleze ulianzia wapi, ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitumia akaunti ipi, na saa ngapi. Saa inatusaidia kuliko watu wanavyodhani: ndiyo inayotuwezesha kutenganisha nyayo zako na za mtu mwenye nia nyingine. Kwenye picha za skrini, ziba majina na salio. Kama huna uhakika kwamba ulichokiona ni mwanya, andika hivyohivyo.

Utajibiwa na mtu ndani ya siku 2 za kazi. Ndani ya siku 7 utajua kama tumeuthibitisha mwanya na tumeupa uzito gani. Unaogusa fedha au taarifa za wanachama tunauziba ndani ya siku 14; mingine ndani ya siku 90. Baada ya kuziba, au siku 90 zikipita hata kama hatujamaliza, una haki ya kuchapisha. Tunaomba tu utuonyeshe andiko siku 5 kabla, turekebishe ukweli kama umepinda. Hatutakuomba ulainishe lugha.

Hatuna fungu la zawadi za fedha, na tunalisema mapema ili usipoteze wiki zako ukitarajia malipo. Tunachotoa ni jina lako kwenye orodha ya shukrani na barua yenye maelezo ya kazi uliyofanya. Anayedai alipwe ndipo anyamaze yuko nje ya sera hii.

Ripoti ikifika, ndani ya ofisi

Sanduku la barua lina watu wawili: mhandisi wa zamu ya wiki na msaidizi wake. Mmoja akiugua au kusafiri, mwenzake yupo. Ripoti ikiingia kwa WhatsApp, simu au mlangoni, wa huduma kwa wateja anaipeleka kwao siku hiyohiyo. Haruhusiwi kumuuliza mtoa ripoti "nani alikutuma?" wala kumwambia aje ofisini.

Mhandisi wa zamu anaipa namba, anairudia kwenye mfumo wa jaribio, kisha anajiuliza kwa mpangilio huu: fedha zinaweza kuhama? Taarifa za mwanachama zinaweza kuonekana? Huduma inaweza kusimama? "Ndiyo" kwa mojawapo ya mawili ya kwanza inamfikia mkurugenzi siku hiyohiyo, hata ikiwa Jumapili.

Kabla ya kuziba, kumbukumbu za seva zinanakiliwa na kuchunguzwa kama kuna mwingine aliyeupitia mwanya huo. Tukikuta taarifa zimevuja, SACCOS husika wanaambiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inaarifiwa, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2022. Kiraka kikiwa tayari, mtoa ripoti anaombwa ajaribu tena. Mara nyingi aliyeuona mwanya ndiye anayejua njia ya pili ya kuuzunguka.

Hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kumtajia mtoa ripoti polisi au mwanasheria. Uamuzi huo ni wa mkurugenzi na mkuu wa wahandisi kwa pamoja, kwa maandishi, baada ya kusoma ripoti yote.

Jibu la kwanza huandikwa hivi:

> Habari. Ripoti yako tumeipokea leo na ni namba 12. Anayeishughulikia ni mimi, mhandisi wa zamu. Kazi uliyoieleza iko ndani ya sera yetu, hivyo huna la kuhofia kutoka kwetu. Nitakuandikia tena kabla ya Ijumaa kukueleza nilichokikuta. Asante kwa kutuambia.

Faili la mawasiliano liko `/.well-known/security.txt`, na linahuishwa kabla ya tarehe yake kuisha:

```
Contact: mailto:usalama@daftarilaakiba.co.tz
Expires: 2026-12-31T20:59:00Z
Preferred-Languages: sw, en
Policy: https://daftarilaakiba.co.tz/usalama
```