Yah: Kupitia upya kamisheni na muda wa malipo, ofisi ya Mwanza

Dada Rehema, habari za kazi,

Mkataba wetu unaisha tarehe 31 Machi 2026. Kabla wanasheria hawajaurudia vilevile ulivyo, naomba tuzungumze mambo mawili: kamisheni, na siku ambazo kamisheni hiyo inachukua kutufikia. La pili ndilo linaloniuma zaidi.

Tuliposaini mwaka 2023 tuliwaletea ada za shilingi milioni 412, na milioni 330 kati ya hizo zilikuwa za magari, nyingi bima ndogo za daladala na bodaboda. Mwaka 2025 tumefunga na bilioni 1.08. Magari ni milioni 486, moto na mali milioni 324, mizigo na vyombo vya majini milioni 162, na milioni 108 zilizobaki ni mchanganyiko. Fidia mlizolipa kwa wateja wetu mwaka huo ni milioni 378, yaani shilingi 35 kwa kila 100 tulizowaletea. Jedwali lenye kila hati nimeliambatisha.

Kazi ya ofisi nayo imebadilika. Stika ya bodaboda inatoka kwa dakika kumi. Kiwanda cha minofu ya samaki ni jambo jingine: kijana wangu anashinda huko siku mbili akikagua vyumba vya baridi, mifumo ya amonia na nyaya za umeme, kisha anamfuata mwenye kiwanda mpaka arekebishe kasoro ndipo niwaletee ombi. Kwenye viwanda viwili vya pamba tulikataa kuwaletea hatari mpaka marobota yasogezwe mbali na mashine. Kazi hiyo inawaokoa ninyi na fidia, na gharama yake naibeba mimi.

Kwa hiyo magari yabaki asilimia 10 kama yalivyo, sina neno. Moto na mali naomba ipande kutoka asilimia 15 hadi 18, na mizigo na vyombo vya majini kutoka 12.5 hadi 15, ilimradi tubaki ndani ya ukomo wa TIRA. Kwa ada za mwaka jana nyongeza yote ni shilingi milioni 13.77. Na hati ikivunjwa katikati ya mwaka, tutarudisha kamisheni ya miezi iliyobaki bila kusubiri kudaiwa.

Sasa malipo. Mkataba unasema siku 45 baada ya mwisho wa mwezi. Kamisheni ya Julai 2025 iliingia tarehe 21 Oktoba, siku 82 baada ya Julai kuisha, na sababu niliyopewa ni kwamba hati nne hazikuoana kwenye hesabu. Hati nne zikazuia malipo ya mia na zaidi! Mwezi ule nililipa mishahara kwa mkopo wa benki. Ada ya mteja inaingia kwenye akaunti yenu kabla stika haijatoka, mimi siishiki hata siku moja. Sioni kwa nini sehemu yangu ikae huko karibu miezi mitatu.

Napendekeza hivi: tunawatumia hesabu ya mwezi kufikia tarehe 5, mnatujibu kufikia tarehe 10, na malipo yanatoka kufikia tarehe 20. Hati yenye ubishi iwekwe kando peke yake, nyingine zilipwe. Risiti ya EFD mtaipata siku hiyohiyo fedha ikiingia.

Nikilazimika kuchagua, dada, nichagulie tarehe 20. Naweza kukubali asilimia 17 kwenye moto kama siku zitakuwa za uhakika. Wapo waliotupa viwango vya juu kuliko hivi na sijawajibu, kwa sababu mlilipa fidia ya mteja wetu wa Nyakato bila kumzungusha, na wateja wanalikumbuka hilo.

Jambo dogo la wateja wa pamba: hati zao nyingi zinaisha Machi, wakati mfuko umekauka na ununuzi unasubiriwa Mei. Turuhusuni tuwaongezee miezi sita kwa ada ya muda huo tu, ili mwaka mpya uanze Septemba fedha ikiwa mkononi. Mtalipwa kwa wakati na hakuna hati itakayolala.

Jumanne tarehe 17 Machi nitakuwa Dar es Salaam. Naomba saa moja yako asubuhi hiyo, na mtu wa hesabu awepo, kwa kuwa suala la tarehe liko mezani kwake. Kama Jumanne haifai, nitalala mpaka Jumatano.

Wako katika kazi,
Masanja
Mkurugenzi, madalali wa bima
Barabara ya Kenyatta, Mwanza
2 Machi 2026