YAH: Mazungumzo ya zamani kutofunguka baada ya kushusha kifurushi

Kibirizi, Kigoma
2 Septemba 2024

Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Mhudumu,

Mimi ni katibu wa kikundi cha wachuuzi 17 wa dagaa tunaofanya kazi katika mwalo wa Kibirizi, Manispaa ya Kigoma Ujiji, na ndiye ninayesimamia akaunti ya kikundi katika huduma yenu ya mazungumzo. Barua hii naituma kwa anwani ya barua pepe iliyosajiliwa katika akaunti hiyo, hivyo mtaweza kuitambua bila shida. Ninaomba mnieleze kwa nini mazungumzo yetu ya zamani hayafunguki tena, yako wapi kwa sasa, na tufanye nini ili tuyapate.

Tulianza kulipia kifurushi cha vikundi mwezi Machi 2022, na tangu hapo hatukuwahi kupitisha mwezi bila kulipa. Mambo yote ya biashara tuliyaweka humo: bei za asubuhi mwaloni, idadi ya magunia yanayopakiwa kwenye treni kwenda Dar es Salaam, picha za risiti za usafirishaji, na makubaliano na wanunuzi ambao wengi wao hatujawahi kuonana nao ana kwa ana. Wengi wetu hatuna daftari lingine. Mtu akiulizwa aliahidi nini mwezi fulani, jibu lilikuwa kufungua simu na kutafuta.

Kama mnavyoweza kuwa mmesikia, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huu ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Sina malalamiko juu ya hilo, kwa kuwa sisi wenyewe tumeona jinsi dagaa walivyopungua mwaka hadi mwaka. Lakini miezi 3 bila mzigo ni mirefu kwa mtu anayeishi kwa kuuza, na kikao chetu cha Juni kiliamua kupunguza kila gharama iliyoweza kupunguzwa. Tarehe 10 Juni niliingia kwenye akaunti nikashusha kifurushi kutoka cha kulipia hadi cha bure, na mabadiliko yakaanza kufanya kazi tarehe 5 Julai, muda tuliokuwa tumeshaulipia ulipokwisha.

Kabla ya kuthibitisha nilisoma ukurasa wote, tena mara mbili, kwa sababu nilikuwa nafanya uamuzi kwa niaba ya wenzangu. Ukurasa ule ulisema kwamba tutapoteza simu za video za kikundi na kwamba nafasi ya kuhifadhi mafaili itapungua. Haukusema lolote kuhusu mazungumzo yaliyokwisha kuandikwa. Laiti ungesema, ningeyapakua kwanza au ningerudi kwenye kikao kuomba tuendelee kulipa.

Tatizo nililigundua tarehe 26 Agosti, siku chache baada ya mitumbwi kurudi ziwani. Mnunuzi wetu mmoja wa Dar es Salaam anadai kwamba mzigo wa magunia 38 tuliompelekea mwezi Februari tulikubaliana nauli ya treni iwe juu yetu, ilhali sisi tunakumbuka kwamba nauli ilikuwa juu yake. Tofauti ni shilingi 12,000 kwa kila gunia, yaani shilingi 456,000 kwa mzigo wote, fedha ambazo baada ya msimu kama huu hatuwezi kuziachia hivi hivi. Nilipotafuta makubaliano hayo sikuona kitu. Ujumbe wa zamani zaidi uliofunguka siku hiyo ulikuwa wa 28 Mei, na juu yake palikuwa na alama ya kufuli pamoja na maneno yanayonitaka nipandishe kifurushi.

Leo nimeangalia tena, na ujumbe wa zamani zaidi ni wa 4 Juni. Katika siku 7 mpaka umesogea mbele kwa siku 7, na nikihesabu kurudi nyuma kwa tarehe zote mbili napata siku 90 kamili. Kwa hiyo naelewa kwamba kifurushi cha bure huonyesha siku 90 za mwisho tu, na kwamba kila asubuhi tunapoamka siku moja nyingine inafungwa. Ikiwa ndivyo, naomba mthibitishe kwa maandishi, kwa sababu wanachama wananiuliza na baadhi yao wanadhani nimefuta mimi.

Jambo lililo zito zaidi kwetu ni kama mazungumzo hayo yamefichwa au yamefutwa. Nina sababu ya kutumaini kwamba yamefichwa tu. Mwenzetu mmoja alikuwa Kalya, kusini mwa mkoa, ambako kwa wiki kadhaa simu yake haikuunganishwa na intaneti, na muda wote huo aliendelea kusoma ujumbe wa Februari bila kizuizi. Aliporudi mjini na simu ikapata mtandao, ujumbe ule ulifungwa mbele ya macho yake, kufuli likatokea kama kwetu sote. Programu isingeweka kufuli na kutuomba tulipe ili kufungua kitu ambacho hakipo tena. Hata hivyo sitaki kujenga juu ya kukisia. Naomba mniambie wazi ujumbe wa tangu Machi 2022 bado umehifadhiwa kwenu au la, na kama umehifadhiwa, ni hadi tarehe gani kabla haujafutwa kabisa.

Vilevile naomba kujua kama tukirudi kwenye kifurushi cha kulipia kwa mwezi 1 tu yote yatafunguka, pamoja na picha za risiti, na kama ndani ya mwezi huo nitaruhusiwa kuyapakua yote kwa pamoja. Kuna njia ambayo kwa maoni yangu ni ya haki zaidi: mtupatie nakala ya mazungumzo yaliyoandikwa katika kipindi tulichokuwa tukilipa, bila kutudai tena, kwa kuwa kuhifadhiwa kwake tulikwisha kukulipia na onyo halikutolewa. Ninajua kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine, na kwa upande wangu naomba haki hiyo ihusu ujumbe niliouandika mimi mwenyewe. Sitaji sheria ili kutishia. Ninataka tu ombi hili lipokelewe kama ombi la mwenye mali.

Mwisho, tafadhali rekebisheni ukurasa wa kushusha kifurushi ili useme kwa herufi zinazoonekana kwamba ujumbe wa zaidi ya siku 90 utafungwa, na uweke kitufe cha kupakua hapo hapo. Wako wengine watakaobonyeza kama nilivyobonyeza mimi.

Mnunuzi amekubali kusubiri ushahidi wetu hadi 16 Septemba. Ningeshukuru kupata jibu kabla ya tarehe 9, ili kama ni kulipa mwezi mmoja niweze kuitisha kikao na kukusanya michango. Sina budi pia kuomba jibu liandikwe na mtu aliyeifungua akaunti yetu na kuiangalia, kwa sababu ujumbe wa kwanza niliotuma tarehe 27 Agosti ulijibiwa kwa maelezo ya jumla kuhusu bei za vifurushi, na swali langu halikuguswa.

Wenu katika biashara,

Mwajuma
Katibu wa kikundi na msimamizi wa akaunti