Makato ya akaunti ya akiba yanabadilika kuanzia 1 Oktoba 2025

Mtwara, 1 Septemba 2025

Ndugu mteja,

Tangazo tulilobandika mlangoni wiki iliyopita liliwasumbua wengi, na mlikuwa na haki ya kulalamika. Tumeliondoa. Lisomeni hili badala yake. Viwango vyote vina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake. Hakuna kitakachoongezwa juu.

Makato ya mwezi yanapanda kutoka shilingi 1,500 hadi 2,000, na hukatwa siku ya mwisho ya mwezi. Hukatwi hata senti kama salio lako halikushuka chini ya shilingi 100,000 siku yoyote ya mwezi huo. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo tazama mfano: una 340,000, tarehe 14 unatoa 250,000, zinabaki 90,000 bila kuhesabu gharama ya kutoa. Tarehe 16 unaweka 60,000. Mwezi unaisha una 150,000, lakini utakatwa, kwa sababu ya zile siku mbili. Ungetoa 230,000 usingekatwa.

Wakulima wa korosho wametuuliza sana: akaunti ikikaa tupu tangu msimu uliopita, je, deni linarundikana likisubiri malipo ya mnada? Hapana. Akaunti isiyo na kitu haikatwi, na malipo yanayotoka chama cha msingi yataingia yote kama yalivyo.

Kutoa fedha dirishani kutagharimu shilingi 4,000 kila mara, badala ya 2,500. Kutoa kwa kadi kwenye mashine zetu kunabaki 1,300. Kwa hiyo ukiwa na kadi, tumia mashine. Kama huna, toa mara moja kiasi unachohitaji: anayechukua laki moja moja mara tatu atalipa 12,000, anayechukua laki tatu kwa pamoja atalipa 4,000. Kuweka fedha ni bure kama zamani.

Taarifa ya akaunti iliyochapishwa itakuwa shilingi 1,000 kwa kila ukurasa. Kuangalia salio kwa simu ni bure.

Kama fedha zako huingia msimu hadi msimu, akaunti ya mkulima itakufaa zaidi, maana haina makato ya mwezi. Kuhamia ni bure hadi Jumanne, 30 Septemba. Baada ya hapo ni shilingi 5,000. Namba ya akaunti haibadiliki, hivyo huna haja ya kurudi chamani kuandikisha upya. Njoo na kitambulisho cha taifa au cha mpiga kura. Kwa walio mbali na mjini, ofisa wetu atakuwa Nanguruwe Jumanne, 23 Septemba, na Mikindani kesho yake, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri.

Huduma hii haihitaji namba yako ya siri. Akitokea mtu anaiomba kwa simu ili "akuhamishie akaunti", kata simu, uje utuambie.

Meneja wa Tawi
Mtwara Mjini