Ujumbe wa Kamati ya Harusi ya Neema na Elia kwa Ndugu Wote

Shikamooni wazee wetu, na salamu kwenu ndugu wote, wa karibu na wa mbali.

Kama wengi mlivyokwisha kusikia, binti yetu Neema na mwenzake Elia watafunga ndoa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, saa nane mchana, na sherehe itakuwa jioni yake. Wote mnakaribishwa. Kadi zitaanza kugawiwa mwezi wa kumi, na hazitagawiwa kwa kuangalia nani katoa nini.

Maharusi wenyewe wamelipia ukumbi na mavazi yao. Kilichobaki ni chakula cha wageni, mapambo, na gari la kuwaleta wazee wanaotoka mbali. Hapo ndipo tunapoomba mtushike mkono, kwa atakayejaliwa.

Kiwango hatukuweka. Kikaoni wapo waliotaka kiwekwe, tukabishana kidogo, lakini tunajua mwaka huu ulivyokwenda. Babu tumemzika mwezi wa tano na kila nyumba ilijikamua. Wapo wanaouguza, wapo waliopunguzwa kazini, na ada za watoto hazina subira. Kila mtu anaujua mfuko wake, nasi tutapokea kwa furaha chochote kitakachotoka humo.

Orodha ya majina na kiasi haitawekwa hapa kwenye kundi. Anayepokea na kuandika ni mhazini wetu, dada Rehema, peke yake. Atakujibu kwamba imefika, basi. Tunaomba pia mkishatuma msibandike hapa ujumbe wa muamala, hata kwa nia njema, maana wa kwanza akibandika, wa pili hujiona anadaiwa.

Hakuna atakayepigiwa simu ya kukumbushwa. Ujumbe huu tutaurudia mara moja tu, mwanzoni mwa Novemba, kwa kuwa mpishi anataka malipo yake wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Ukiuona tena, ujue umekwenda kwa wote, hata kwa waliokwisha kutoa.

Shangazi mmoja ametuuliza: asiyekuwa na kitu afanye nini? Aje, tena aje mapema. Ijumaa tunahitaji watu wa kupanga viti na kupokea wageni, na hapo kwa kweli tumepungukiwa kuliko kwenye fedha. Mwenye gari anayeweza kupitia wazee wawili watatu njiani amwambie mjomba Petro.

Fedha zitumwe kwa namba ya dada Rehema, ile ile anayoitumia humu kundini. Kabla ya kuthibitisha, hakikisheni jina lililotokea ni lake. Zikibaki baada ya shughuli, watakabidhiwa maharusi.

Mwenye neno asilopenda kulisema mbele ya wote anitafute mimi pembeni, saa yoyote.

Ni mimi baba yenu mdogo Daudi, mwenyekiti, kwa niaba ya kamati.