Tathmini ya Kipindi cha Kilimo, Jumamosi Saa 12:30 hadi 1:30 Asubuhi

Kwa: Mtangazaji wa kipindi
Kutoka: Mkuu wa Vipindi, Moshi
Mada iliyorushwa: Magonjwa ya kahawa kabla ya masika

Nimekisikiliza kipindi mara mbili: mara ya kwanza hewani nikiwa nyumbani, mara ya pili kwenye rekodi nikiwa na kalamu. Alama ni kati ya 10.

Ufasaha: 8. Sauti yako inasikika vizuri hata kwenye redio ndogo ya betri, na Kiswahili chako hakina madoido. Ulipomwomba bwana shamba aeleze "viuatilifu vya kimfumo" kwa lugha ya mkulima, akasema ni dawa inayoingia ndani ya mmea, ulimsaidia kila aliyekuwa anasikiliza. Alama mbili nimezikata kwa ajili ya yule mama wa Machame. Mlizungumza Kimachame karibu dakika nzima, mkacheka, kisha ukaendelea na mambo mengine. Msikilizaji wa Same au wa Pasua hakuambulia kitu. Acha watu waongee kwa lugha yao, lakini tupe Kiswahili chake papo hapo.

Mwendo: 5. Dakika kumi za mwanzo zote ni salamu, jingo na hali ya hewa. Halafu kipimo cha dawa kwa pampu ya lita 16, yaani kitu ambacho mtu ameamka alfajiri kukisikia, kikatajwa mara moja tu, kwa haraka, na muziki wa chini chini ukiwa juu kuliko sauti ya mgeni. Mkulima anasikiliza huku anakama ng'ombe. Kalamu hana. Kipimo kitajwe taratibu, kirudiwe, kisha kirudiwe tena kabla ya kuaga, na muziki uzimwe kabisa.

Ushirikishwaji wa wasikilizaji: 6. Simu zilikuwa nyingi, ila nyingi zilikuwa za kusalimia shangazi na wajomba. Simu iliyobeba kipindi ilikuwa moja, ya mzee wa Uru. Nanukuu kutoka kwenye rekodi: "Mnasema ning'oe kahawa ya baba nipande miche mipya. Sawa. Na hiyo miaka ya kusubiri ianze kuzaa, nitakula nini?" Mgeni alianza kujibu, na jibu lilikuwa zuri: ang'oe kwa awamu, sehemu ndogo ndogo, huku migomba ikiendelea kumlisha. Ukamkatisha ili kupisha tangazo la mabati. Ukasema, "Mzee wangu, tutakupigia." Hatukumpigia. Tangazo lingeweza kusubiri dakika mbili. Naongea na idara ya masoko ili wasikubane tena katikati ya jibu.

Ukweli wa maudhui: 3. Hapa ndipo penye uzito, na ndiyo sababu sijajumlisha alama kutafuta wastani.

Ulisema chule buni hutambulika kwa unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Huo ni ugonjwa wa kutu ya majani. Chule buni hushambulia tunda: punje bichi hupata madoa meusi yaliyobonyea, mwishowe huoza au kukauka mtini. Yote mawili husababishwa na kuvu, lakini chule buni hupendelea maeneo ya juu yenye baridi na unyevu, wakati kutu husumbua zaidi maeneo ya chini yenye joto. Kwa hiyo mkulima wa Kibosho juu aliyekuamini atakuwa anageuza majani, anayaona masafi, anarudi nyumbani ameridhika, na punje zinaoza. Bwana shamba aliguna uliposema hivyo. Mguno unasikika kwenye rekodi. Mgeni akiguna, muulize.

Pia ulisema KNCU ilianza 1925. Mwaka huo kilianza chama kilichoitangulia, KNPA. KNCU yenyewe ni ya 1933. Kosa hili haliui kahawa ya mtu, lakini mkoa huu una wazee ambao baba zao walikuwa wanachama, nao walipiga simu mapokezi kulalamika.

Ya kufanya kabla ya Jumamosi ijayo:

Sahihisho la chule buni lisomwe mwanzoni kabisa, kabla ya salamu, na lirudiwe saa 1:00. Usiseme "kulitokea mkanganyiko kidogo". Sema tulikosea, kisha eleza dalili sahihi za kila ugonjwa. Andiko lake apitie kwanza mtaalamu wa TaCRI pale Lyamungo. Nalitaka mezani kwangu Alhamisi.

Mzee wa Uru apigiwe simu leo, na kama ataridhia, arudi hewani akiwa na bwana shamba kwenye laini. Namba yake iko kwenye daftari la fundi mitambo.