Barua kwa mama, kutoka Maskati

Bismillahir Rahmanir Rahim

Maskati, 12 Agosti 2024

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Time binti Faki,
Gando, Wete, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama, shikamoo. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba mimi mwanao ni mzima wa afya, alhamdulillahi, kwa rehema za Mola na kwa dua zako. Hofu na wasiwasi ni juu yenu nyinyi huko. Naomba barua hii ikukute na siha njema, wewe na wote waliomo nyumbani. Raya, msomee mama polepole, wala usiruke kitu.

Nimesikia kuwa habari zangu zimefika Gando kabla yangu: kwamba nimelazwa, nimepasuliwa, na kuna aliyeongeza kuwa nimetolewa figo. Mama, figo zangu zote mbili ninazo. Ilivyokuwa ni hivi. Mwezi wa sita, usiku, lilinishika chomo la ubavuni mpaka nikashindwa kusimama kwa sala ya alfajiri. Wenzangu wakanipeleka hospitali, nikapigwa picha ya tumbo, daktari akaona kijiwe kidogo kwenye figo ya kushoto. Alisema sisi mafundi viyoyozi tunaoshinda juu ya mapaa ugonjwa huu hutupata sana, kwa kuwa jasho hutoka jingi na maji tunayokunywa hayalipi. Nikapewa dawa na kuamrishwa maji, maji, maji. Kijiwe kikatoka chenyewe kwa njia ya mkojo. Kisu hakikunigusa. Hivi sasa chupa ya maji haibanduki mkononi, na kazini nimerudi zamani.

Jua la huku, mama, si la kusimuliwa, lakini serikali yao imeweka sheria: kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu hakuna kazi ya juani. Saa hizo tunajilaza kivulini. Mwezi ukimalizika na joto litaanza kupungua, inshaallah.

Siku nilizokuwa kitandani Bi Zuwena hakuniacha. Ni yule bibi wa Kiomani niliyekwambia kwenye simu, aliyezaliwa Unguja na kuja huku baada ya Mapinduzi. Kiswahili chake ni kile cha bibi mzaa mama, cha Ng'ambo hasa. Kila asubuhi alituletea uji wa mtama wa pilipili manga, akaniuliza kama Wete bado kunanukia karafuu. Muombee dua, mama, na ukimaliza khitma umtaje kwa jina.

Sasa zamu yangu kuuliza. Presha yako vipi? Raya aliniambia ukijisikia vyema unaacha vidonge. Nakuomba kwa mapenzi ya Mungu, mama, usiache, hata siku ambayo kichwa hakikuumi, na ile tarehe ya kliniki usiipishe kwa ajili ya karafuu. Kuchambua makonyo wapo watoto, na kuanika yupo Kombo. Wewe kaa barazani uwasimamie tu. Tena Kombo asiupande ule mkarafuu wa nyuma ya kisima, matawi yake ni mabovu tangu enzi za marehemu baba, Mungu amrehemu.

Nimetuma riali 60 kwa simu ya Ami Hamad. Kwanza zitoke dawa zako, halafu nguo za skuli za Salma na Khamis, zinazobaki ziende kwenye mabati ya jikoni kabla ya vuli. Kidogo utoe kwa ajili ya Maulidi ya mtaani, Mfunguo Sita umekaribia. Bwana Makame anasafiri Alkhamisi, nimempa boksi: tende mpya za mwaka huu, halwa, mafuta ya kuchua magoti yako na kanga doti mbili. Doti ya buluu ni ya shangazi.

Nisalimie Ami Hamad, mwambie nakushika miguu. Msalimie shangazi Asha, mjomba Omar na watu wake, mwalimu wa chuoni, majirani wa juu na wa chini, na kila aniulizaye. Salma na Khamis nawabusu. Khamis nataka kusikia amefika juzuu gani. Bibi mwambie ile shuka yake najifunika mpaka leo, chumba chetu kiyoyozi chake ni kikali.

Likizo yangu ni mwezi wa pili mwakani, Mungu akipenda. Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu wenye afya, akuondolee maradhi, aibariki riziki ya nyumba yetu, na atukutanishe katika kheri. Nami nakuomba radhi yako, mama, usiku na mchana.

Wasalaam,

mwanao akupendaye,
Faki Juma