Tochi ya kichwani ya sola: naagiza China, inafika Mwanza baada ya wiki 6 hadi 10

Bei: Sh 38,000. Nusu unalipa ukiweka oda, nusu ukiishika mkononi na kuiwasha.

Tafadhali soma kabla ya kulipa. Tochi hii sina dukani wala stoo. Ukiweka oda ndipo nami naiagiza kwa muuzaji wa Guangzhou. Kama unaihitaji wiki hii, nenda Makoroboi ukaulize madukani. Huenda ukalipa zaidi, lakini utaondoka nayo.

Muuzaji huchukua siku 3 hadi 5 kuifunga. Kisha hukaa kwa wakala wa mizigo siku 7 hadi 14, kwa sababu kontena haliondoki mpaka lijae mizigo ya watu wengine pia. Baharini ni siku 25 hadi 35 mpaka Dar es Salaam. Bandarini na forodha, siku 5 hadi 10. Dar mpaka Nyegezi kwa basi, siku 1 hadi 3. Jumlisha mwenyewe: siku 41 hadi 67, yaani karibu wiki 6 hadi 10.

Wengi huuliza kwa nini isije na ndege. Ndani mna betri ya lithiamu, ambayo ikipata hitilafu inaweza kuwaka moto. Ndege zina masharti makali kuhusu betri hizo, na wakala wangu hazipokei kabisa kwa njia hiyo. Inakuja kwa meli tu.

Oda za Januari na Februari, ongeza wiki 2 hadi 3. Ni majira ya mwaka mpya wa Kichina, viwanda vinafungwa na wafanyakazi wanarudi makwao. Walioko Nansio, ongeza siku moja ya kuvuka ziwa.

Mwaka jana niliandika "siku 14" kwa kuwa muuzaji ndivyo alivyoniambia, nami sikuhakikisha. Mama mmoja wa Kayenze akaagiza tochi 6 kwa vijana wake wa dagaa. Zilifika siku ya 58. Giza mbili, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambazo ndizo za kuvua dagaa, zilikuwa zimeshapita, na vijana walikuwa wakitoa nyavu huku wamebana simu kwa meno ili wapate mwanga. Nilimrudishia nusu ya pesa, lakini usiku ule sikuweza kuurudisha. Tangu hapo naandika siku nilizozihesabu mwenyewe.

Wiki 10 zikiisha bila mzigo, pesa yako unarudishiwa yote, bila maswali.

Kwa Mzee Masanja, aliyeuliza kama itawahi giza la mwezi huu

Shikamoo Mzee. Hapana, haitawahi. Hata giza la mwezi ujao siwezi kukuahidi. Kama vijana wanaingia ziwani wiki ijayo, nunua hapa mjini. Ukitaka za akiba kwa baadaye, nitakuagizia kwa moyo mmoja.

Kwa Dada Neema, 3 Machi

Habari Dada Neema. Nimepokea Sh 38,000, nusu ya tochi 2. Tarajia mzigo kati ya 14 Aprili na 12 Mei. Naomba usipange kazi yoyote ya kuzitegemea kabla ya 12 Mei. Ukibadili mawazo, niambie kabla ya 7 Machi, maana baada ya hapo muuzaji atakuwa ameshazituma. Asante kwa kuniamini. Kulwa, Nyakato.

Kwa Dada Neema, 27 Machi

Habari za leo dada. Kontena limepakiwa na meli imeondoka leo. Ile namba ya kufuatilia mzigo itakuonyesha sehemu ileile kwa wiki kadhaa. Mzigo haujapotea, meli ikiwa baharini taarifa hazibadiliki. Nitakuandikia kila Ijumaa, hata kama sina jipya.

Kwa Dada Neema, 6 Mei

Dada Neema, pole na majukumu. Leo habari si nzuri. Kontena limeshushwa Dar, ila limechaguliwa kufunguliwa na kukaguliwa forodha. Ni utaratibu wao wa kawaida, hakuna kosa kwenye mzigo, lakini 12 Mei tuliyokubaliana naona itapita. Nimeona nikwambie leo, usikae unahesabu siku bure.

Chagua wewe. Ukitaka pesa yako, nakutumia Sh 38,000 leo kabla ya saa 12 jioni, na ada ya kutuma ni juu yangu. Ukiamua kusubiri, napunguza Sh 6,000 kwenye nusu iliyobaki, na 20 Mei ikifika bila mzigo narudisha pesa bila wewe kuniomba. Yoyote utakayochagua, sitakuwa na kinyongo.

Jibu la Dada Neema, 6 Mei

Nasubiri kaka. Ila hiyo tarehe 20 nimeiandika ukutani.

Kwa Dada Neema, 6 Mei

Sawa dada. Nami nimeiandika.